Bei ni 118,000: VAT iko wapi, na risiti inatoka saa ngapi?

Mwongozaji mmoja wa watalii hapa Moshi alinipigia simu jioni akiwa na hasira zake zote. Alikuwa ameona buti za kupandia mlima kwenye duka la mtandaoni ninalolihudumia, bei imeandikwa 100,000. Akaziweka kwenye kikapu, akajaza namba yake ya simu, akafika kwenye hatua ya kulipa, akakuta 118,000. "Kaka, hii laki na kumi na nane imetoka wapi? Picha ilisema laki." Nikamweleza kwamba ile kumi na nane ni VAT. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo ile laki ilikuwa bei ya nani?"

Haikuwa bei ya mtu yeyote. Hakuna mteja ambaye angeweza kuingia dukani pale, karibu na Mnara wa Saa, akatoa laki moja na kuondoka na buti zile. Dukani kwenyewe kibandiko kinasema 118,000. Kwenye tovuti mimi ndiye niliyeacha mpangilio uonyeshe bei kabla ya kodi, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyokuja. Tangu siku hiyo nimeulizwa mambo yaleyale na wenye maduka wengi wa Moshi na Arusha: kodi inaonyeshwaje, inahesabiwaje, na risiti halali inatokaje yenyewe bila mtu kukaa na mashine ya EFD mkononi. Naomba niyafungue moja baada ya jingine, kwa mfano wa duka hilohilo la vifaa vya mlima.

Tuanze na maneno. VAT ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Anayeibeba ni mnunuzi wa mwisho, muuzaji anaikusanya tu na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Anayeruhusiwa kuitoza ni yule aliyesajiliwa kwa VAT peke yake, na tangu Julai 2023 anayelazimika kusajiliwa ni mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanafika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Ukisajiliwa unapewa namba ya usajili iitwayo VRN, mbali na ile TIN ambayo kila mlipakodi anayo.

Hapo pana kosa moja linaloenea sana. Watu husema, "Mimi sijasajiliwa VAT, kwa hiyo risiti hainihusu." Hayo ni mambo mawili tofauti. Duka ambalo halijasajiliwa haliruhusiwi kuandika VAT popote, si kwenye bei wala kwenye ankara, lakini risiti ya kielektroniki bado inalihusu likishafika kiwango cha mauzo cha wanaotakiwa kutumia mfumo huo, ambacho kiko chini mno ya milioni 200. Risiti yake itaonyesha bei bila mstari wa kodi hiyo, basi. Kinachofuata hapa chini kinamhusu zaidi aliyesajiliwa, kwa sababu ndiye mwenye hesabu ya kodi ndani ya bei.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua chapati ya unga kilo moja na sukari iliyokandwa ndani yake. Ukiulizwa sukari ni kiasi gani, huwezi kupima chapati nzima na kusema asilimia fulani ya uzito huu niongeze sukari tena. Sukari imo humo tayari. Unachotakiwa ni kujua sehemu yake. Bei yenye VAT ndani iko hivyohivyo. Buti za 118,000 zina sehemu 118 zilizo sawa: sehemu 100 ni za duka, sehemu 18 ni za serikali. Kwa hiyo kodi ni bei mara 18, gawanya kwa 118. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye tovuti zilizotengenezwa haraka ni kuzidisha bei nzima kwa asilimia 18.

```
jumla = 118000

kodi = jumla * 18 / 118     # 18000, sahihi
kodi = jumla * 0.18         # 21240, si sahihi
```

Tofauti ya 3,240 kwa jozi moja ya buti. Mteja analipa kiasi kilekile, kwa hiyo halalamiki, na ndiyo maana kosa hili linaweza kuishi miezi. Anayeumia ni mwenye duka, ambaye risiti zake zinasema anadaiwa kodi kubwa kuliko aliyoikusanya. Njia ya kulitambua ni nyepesi: chukua risiti yoyote, toa kodi kwenye jumla, kisha zidisha kilichobaki kwa 1.18. Ikirudi jumla ileile, hesabu ni nzima. Kwa ile hesabu mbaya hapo juu, 118,000 ukitoa 21,240 inabaki 96,760, na ukiizidisha kwa 1.18 unapata 114,176.80. Haikutani.

Tumchukue yule mwongozaji na oda yake kamili. Buti 118,000, taa ya kichwani 59,000, na usafirishaji wa kumpelekea mzigo Arusha 5,900. Jumla 182,900. Gawanya kwa 1.18, unapata 155,000 ya duka na 27,900 ya kodi.

Mtu ataniuliza kwa nini usafirishaji nao umo. Duka likimtoza mteja nauli ya mzigo kama sehemu ya oda, nauli hiyo inafuata bidhaa: ni sehemu ya malipo ya mauzo hayo na inabeba kodi yake. Ni tofauti na mteja kukwambia, "Weka mzigo kwenye basi, nitalipa mwenyewe nikiupokea stendi." Hapo nauli ni kati yake na wenye basi, haipiti mikononi mwako na haiingii kwenye risiti yako. Nimeona maduka yanayochanganya haya mawili: yanapokea nauli kwa simu, yanaiacha nje ya risiti, halafu mwisho wa mwezi fedha iliyoingia kwenye akaunti inazidi risiti na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Hapo kwenye usafirishaji pana mtego wa kiufundi ambao ulinipata. Duka hili linatumia WooCommerce, kama maduka mengi madogo. Kwenye `Settings`, ukurasa wa `Tax`, kuna swali la `Prices entered with tax`, na ukichagua `Yes, I will enter prices inclusive of tax` unaweza kuandika 118,000 na mfumo ukatoa kodi kutoka ndani. Nikachagua hivyo na nikaamini nimemaliza. Lakini chaguo hilo ni la bidhaa tu. Gharama za usafirishaji kwenye mfumo huo huhesabiwa kuwa hazina kodi ndani, hata kama bidhaa zako zinayo. Niliandika 5,900, na mteja akatozwa 6,962. Ilibidi niandike 5,000 ili yeye aone 5,900. Kama duka lako lina malalamiko ya "nauli yenu inapanda nikifika kulipa", anza kutazama hapo.

Hilo lingetosha kama kiwango kingekuwa kimoja. Sheria ya Fedha ya 2025 ilileta kiwango cha pili, kuanzia 1 Septemba 2025: asilimia 16, kwa mnunuzi ambaye hajasajiliwa kwa VAT na amelipa kupitia benki au mfumo wa malipo wa kielektroniki uliokubaliwa na Kamishna Mkuu wa TRA. Lengo ni kuwavuta watu waache kulipa kwa taslimu. Watu wengi wameelewa kwamba VAT sasa ni 16, wengine wanasema bado ni 18, na wote wana ukweli nusu. Kiwango kinategemea majibu ya maswali mawili: mnunuzi ni nani, na amelipa kwa njia gani. Mtu wa kawaida akilipa kwa njia ya kielektroniki iliyokubaliwa, ni 16. Mtu huyohuyo akimlipa kijana wa bodaboda taslimu mlangoni, ni 18. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT ni 18, hata ikilipa kwa benki.

Kwa duka la mtandaoni hili ni gumu kuliko kwa duka la barabarani, kwa sababu bei inatakiwa ionekane kabla mteja hajasema yeye ni nani wala atalipaje. Tuliketi na mama mwenye duka tukalijadili mchana mzima. Tulichoamua ni hiki: bei kubwa inayoonekana kwenye picha ni ile ya juu, 118,000, na chini yake kwa herufi ndogo, "pamoja na VAT, 116,000 ukilipa kwa simu au benki". Akifika kulipa na kuchagua njia ya malipo, jumla inashuka yenyewe. Kushuka mbele ya macho ya mteja hakujawahi kuleta simu ya hasira. Kupanda ndiko kunakoileta.

Ili hilo liwezekane, ilibidi tugeuze mpangilio wangu wa awali. Ukihifadhi 118,000 kama bei yenye kodi, kisha ukabadilisha kiwango kuwa 16, mfumo unaendelea kusema 118,000 na kutoa humo 16 kwa 116, yaani kodi 16,275.86. Mteja hapati nafuu yoyote, na sehemu ya duka inavimba kimyakimya hadi 101,724.14. Kwa hiyo sasa tunahifadhi bei ya duka bila kodi, 100,000, na kuagiza mfumo uonyeshe yenye kodi: bei zinaingizwa kwa `No, I will enter prices exclusive of tax`, na `Display prices in the shop` inawekwa `Including tax`. Watu hudhani ukitaka kuonyesha bei yenye kodi lazima uiandike yenye kodi. Sivyo: kuhifadhi ni kitu kimoja na kuonyesha ni kingine. Kuchagua kiwango kwa kufuata njia ya malipo hakumo kwenye mpangilio wa kawaida. Tuliandika kipande kidogo cha msimbo kinachouliza yale maswali mawili.

Oda ya mwongozaji wetu, basi, kwa malipo ya simu: 155,000 mara 1.16 ni 179,800, kodi ikiwa 24,800. Amepunguziwa 3,100 kutoka ile 182,900, na duka limebaki na 155,000 yake vilevile.

Kuna usumbufu mmoja wa senti unaokuja na njia hii, nao ni vizuri kuujua mapema. Mama anapenda koti fulani liuzwe 120,000 kamili. Bei ya duka bila kodi hapo ni 101,694.9153. Ukiikata kuwa 101,695, koti moja litasoma 120,000, lakini makoti kumi yatasoma 1,200,001. Shilingi moja si fedha, ila risiti inatakiwa ilingane na kiasi kilicholipwa, na mhasibu wa kampuni ataiona. Tunahifadhi tarakimu nne baada ya nukta, na kukata kunafanyika mara moja tu, kwenye jumla ya mwisho.

Sasa risiti. Hapa mkanganyiko ni mkubwa zaidi kuliko wa bei, kwa sababu mteja wa mtandaoni anapokea karatasi na meseji nyingi zinazofanana. Kuna barua pepe ya kuthibitisha oda: hiyo inasema tu tumeona unachotaka. Kuna profoma, ambayo ni makisio ya bei anayoomba mtu kabla hajanunua. Kuna meseji ya mtandao wa simu inayosema fedha imetoka kwako: hiyo ni ushahidi wa kuhamisha fedha, haitaji kodi wala bidhaa. Halafu kuna risiti ya kielektroniki iliyosajiliwa TRA, ambayo kwa mashine hutoka kwenye EFD na kwa duka la mtandaoni hutoka kwenye VFD, yaani programu inayofanya kazi ya mashine ile bila mashine. Hii ya mwisho ndiyo inayotambulika kikodi, na ina alama ya kuitambua: namba ya uhakiki pamoja na msimbo wa mraba wa kupiga picha, unaofungua `verify.tra.go.tz` na kuonyesha muuzaji, bidhaa, kodi na saa ya mauzo.

Mhasibu wa kampuni moja ya utalii ya Arusha ndiye aliyetufundisha uzito wa tofauti hiyo. Kampuni yao ilinunua makoti kumi ya mvua, 70,800 kila moja, jumla 708,000. Mfumo ukawatumia faili zuri lenye nembo ya duka, limeandikwa "ANKARA" juu, na mstari wa VAT 108,000 chini. Akanipigia simu kwa upole kabisa: "Kaka yangu, hii karatasi ni nzuri, lakini siwezi kuipeleka popote. Haina namba ya uhakiki, na sisi wenyewe hatumo." Alikuwa sahihi mara mbili. Kampuni iliyosajiliwa huitoa kodi iliyolipa kwenye manunuzi kutoka kwenye kodi inayodaiwa kwenye mauzo yake, lakini kwa risiti ya kielektroniki yenye jina na namba zake. Bila hiyo, zile 108,000 zinakuwa gharama yake.

Tulichobadilisha kwenye tovuti ni kitu kidogo. Kwenye fomu ya kulipa tuliweka swali moja: "Unanunua kwa ajili ya kampuni?" Akijibu ndiyo, zinafunguka nafasi za jina la kampuni, TIN na VRN. Haya lazima yaulizwe kabla ya malipo, kwa sababu risiti ikishatoka haifunguliwi tena ili kuandika jina la mtu. Swali hilohilo ndilo linaloamua kiwango: mwenye VRN anaandikiwa 18 moja kwa moja. Na ile faili nzuri yenye nembo bado tunaituma, ila sasa namba ya uhakiki na msimbo wa mraba vinachapwa juu yake, kwa hiyo mteja anabaki na karatasi moja.

Risiti itoke saa ngapi? Wengi wanadhani ni siku mzigo unapoondoka. Sheria ya VAT inaangalia kinachotangulia kati ya mambo matatu: ankara kutolewa, fedha kupokelewa hata kama ni sehemu tu, au bidhaa kukabidhiwa. Kwenye duka la mtandaoni kinachotangulia karibu kila mara ni fedha. Kwa hiyo kengele inayoamsha risiti iwe taarifa ya malipo. Kubonyezwa kwa kitufe cha "oda imetumwa" kunakuja nyuma mno, maana mzigo unaweza kukaa siku mbili ukisubiri basi. Anayelipa taslimu mlangoni ndiye wa pekee: kwake vyote viwili hutokea pamoja, na kijana wetu wa bodaboda anabonyeza "nimepokea" kwenye simu yake ndipo risiti inatoka.

Mtiririko wenyewe uko hivi. Mteja analipa, kampuni ya malipo inaitumia seva yetu taarifa kwamba fedha imefika, ikiwa na kumbukumbu ya muamala, seva inalinganisha kiasi na oda, inaandaa risiti na kuipeleka kwa VFD, inahifadhi namba ya uhakiki, inamtumia mteja kiungo kwa meseji. Vyote hivyo kwa kawaida ni sekunde chache.

Palipoharibika ni pale kwenye taarifa ya malipo. Kampuni za malipo hutuma taarifa ileile zaidi ya mara moja zisipopata jibu kutoka kwako haraka, na hilo si kosa, ndivyo zinavyohakikisha haipotei. Seva yetu siku moja ilichelewa kujibu, taarifa ya oda moja ikaja mara mbili, na risiti zikatoka mbili kwa fedha moja. Kwa TRA hayo ni mauzo mawili. Dawa yake haikuwa seva yenye kasi. Ilikuwa kuiambia hifadhidata kwamba kumbukumbu moja ya muamala inaweza kuwa na risiti moja tu:

```
CREATE UNIQUE INDEX risiti_moja
ON risiti (namba_ya_muamala);
```

Rekodi ya risiti inaandikwa humo kwanza, kabla ya kwenda VFD. Taarifa ya pili ikija inagonga mwamba hapo, na seva inajibu tu "nimeshapata".

Kwa upande wa VFD lipo jambo linalofanana na kitabu cha zamani cha risiti chenye namba zilizochapwa. Kila risiti ina namba ya mfululizo isiyoanza upya kamwe, na nyingine inayohesabu za siku hiyo. Huwezi kuchana ukurasa wa katikati. Kwa hiyo oda mbili zikilipwa kwa sekunde moja, zisikimbilie namba kwa pamoja. Zipange foleni, moja ikimaliza ndipo nyingine ipite. Mtandao ukikatika, foleni inasubiri na kutuma tena kwa namba zilezile. Kosa baya hapa ni programu inayojaribu tena kwa kuchukua namba mpya kila mara. Utaona mapengo kwenye mfululizo, na kila pengo ni swali kwako.

Saa nayo ina mtego. Seva nyingi za kukodi ziko kwenye saa za dunia, saa tatu nyuma yetu. Mteja akinunua saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 1, seva inaandika bado ni jana, saa 22:00. Risiti inakuwa na tarehe ya mwezi uliopita, na kodi yake inaingia kwenye ritani ya mwezi ambao si wake. Weka `Africa/Dar_es_Salaam` kwenye programu inayotengeneza risiti, halafu jaribu ununuzi mmoja usiku wa manane na uisome tarehe kwa macho yako.

Na buti zikirudishwa kwa sababu zinabana? Hapa mkono wa mtu huenda kwenye kitufe cha kufuta oda. Kufuta oda kwenye tovuti hakufuti kitu TRA. Mauzo yamesajiliwa, kodi inadaiwa. Kinachofanyika ni kutoa hati ya marekebisho inayotaja risiti ya kwanza, kupunguza kiasi pamoja na kodi yake, na kurudisha fedha yote, kodi ikiwemo. Aliyelipa 116,000 anarudishiwa 116,000. Kwenye oda tunaweka hali ya "imerudishwa", lakini rekodi inabaki. Kiwango cha marejesho ni kile kilichotumika siku ya kuuza, ndiyo maana kila mstari wa oda unahifadhi kiwango chake, 16 au 18, badala ya kukisoma upya kwenye mpangilio wa duka.

Ritani ya VAT inatakiwa ifike tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sisi tunakaa na mama tarehe 3 au 4, na meza yetu ina namba tatu tu: fedha iliyoingia kwenye akaunti za simu, benki na sanduku la taslimu, jumla ya oda zilizolipwa, na jumla ya risiti zilizosajiliwa. Mwezi ule wa taarifa iliyorudi mara mbili, fedha na oda zilikutana, risiti zikazidi kwa 179,800 kamili. Mama akaitazama ile namba, akavuta daftari lake la mizigo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii ni ya yule mwongozaji wa buti na taa," akasema. Tukafungua rekodi zake na kukuta namba mbili za uhakiki, zimepishana sekunde 41, zote zikifunguka vizuri kabisa kwenye tovuti ya TRA. Ya pili tukaiombea marekebisho, tukiambatanisha kumbukumbu moja ya muamala.